Siku Mgeni Alipoambiwa Aondoe Miguu

Mimi sikusoma. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akanitafutia makosa halafu akajiona amegundua kitu. Darasa nililofika ni la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Nilizaliwa Kibarani, Kilifi, nikaja Malindi na kanga mbili na mikono yangu. Nimefua nguo za watu mabeseni kwa mabeseni, nimeanika, nimepiga pasi, nimesimamia wenzangu, na leo nina dobi langu mwenyewe, nyumba ya kufulia nguo, nina watu ninaowalipa, na hakuna aliyenishika mkono kunifikisha hapa. Kwa hiyo nikiongea juu ya kazi, nasikilizwa. Na haya ninayoyasimulia ni juu ya kazi: ni juu ya mtu anavyofanya kazi akitazamwa, na anavyofanya akiwa hatazamwi, na jinsi tofauti ya hayo mawili ilivyotaka kutunyang'anya riziki, kisha ikaturudishia.

Ilikuwa miaka ya themanini. Wataliano walikuwa wamejaa Malindi, hoteli zinaota ufukweni kama uyoga, na mimi nilikuwa msimamizi wa dobi katika moja ya hoteli hizo. Jina lake silitaji. Chumba chetu kilikuwa nyuma kabisa, baada ya jiko na baada ya tangi la maji, mahali ambapo mgeni wa hoteli hafiki hata akipotea. Kulikuwa na mashine moja kubwa ya kufulia iliyovuja, matangi ya kusuuzia, kamba za kuanikia uani, na meza ndefu ya kupigia pasi. Mashuka, taulo, vitambaa vya meza, sare za wafanyakazi, vyote vilipita mikononi mwetu. Mashine ilikuwa na mzee wake, mtu wa bara ya Kilifi, mkulima aliyeacha shamba, ambaye aliisema ile mashine kama mke aliyemchoka. Mimi aliniita mayo, ndivyo kwao wanavyomwita mama, ingawa kwa umri angeweza kunizaa. Kwenye pasi kulikuwa na mwanamke wa Mambrui mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Hao wawili ndio nguzo zangu. Wengine walikuwepo, wazuri wote, lakini nikiwaeleza wote nitakuchosha.

Asubuhi moja meneja akaingia na kijana wa kiume, amevaa shati jeupe na miwani, kalamu mfukoni. Meneja alikuwa mtu wa Nairobi, hana ubaya sana, ila ana haraka. Akasimama mlangoni, akapiga makofi.

"Huyu ametoka chuo kikuu," akasema. "Atakuwa hapa kuwatazama mnavyofanya kazi. Endeleeni kama kawaida."

Akaondoka. Hakusema anatazamwa nani, kwa nini, wala ili iweje. Endeleeni kama kawaida! Wewe ukiambiwa utembee kama kawaida mbele ya umati, si ndipo utakapojikwaa?

Yule kijana akatusalimu vizuri. Akaniambia, "Shikamoo, mama." Nikaitika marahaba, na hapo hapo, kwetu sisi, mambo yakawa yamekwisha: amekuwa mgeni. Na mgeni kwa watu wa pwani ana taratibu zake. Haonyeshwi ukuta uliobanduka. Hasikilizishwi ugomvi wa nyumbani. Ukiwa na unga wa kesho tu, unaupika leo, na unamwambia ale, kipo kingine. Hiyo ndiyo sitara, na mtu asiyeijua hatuhesabu kuwa amelelewa.

Basi tukamkaribisha. Kiti cha pekee chenye mgongo kikafutwa, kikawekwa penye upepo. Dafu likakatwa. Mwanamke wa Mambrui, ambaye kila siku alipiga pasi huku anaimba na kutukana, akafunga mdomo na mikono yake ikaenda mbio hata mvuke ukamfunika uso. Wachukuzi wa vikapu wakawa wanakimbia. Mzee wa mashine akasimama na mguu mmoja mbele, nikashangaa ana nini, kumbe amesokomeza tambara penye uvujaji, na mguu ndio unaolificha.

Kesho yake tulikuwa hodari zaidi. Mzee alikuwa amebaki jioni, baada ya sisi kwenda zetu, akajaza mapipa yote maji, maana maji ya mfereji wetu yalikuwa ya kubahatisha. Nayo mashuka yenye mafuta, yale mafuta wanayojipaka wageni ili jua liwakaushe vizuri, ambayo hayatoki mpaka uyafue mara mbili au tatu, tuliyafunga robota tukayatupa nyuma ya tangi. Mgeni asiyaone. Tukafua yale mepesi tu. Adhuhuri ikaingia, shuka la mwisho limekunjwa, meza tupu, sakafu inang'aa. Mimi nikatembea mbele ya kijana yule kama shangazi wa bibi harusi. Nilijivuna, na sioni aibu kusema. Kazi ile ilipendeza.

Meneja akapita dirishani, akaona meza tupu. Akatabasamu.

Alasiri akaniita ofisini kwake. Nilidhani ni pongezi.

"Nimefurahi," akasema. "Mnamaliza kazi ya siku adhuhuri."

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Sasa niambie, kama mnamaliza adhuhuri, nina haja gani na watu wote wale? Nusu watatosha. Msimu huu wa wageni ukiisha, nusu waende. Wewe unawajua kuliko mimi. Nichagulie wa kubaki na wa kuondoka."

Nilitoka pale najiuliza. Nimchague nani? Mzee, aliyeacha shamba lake na ana wajukuu wanaomngoja jioni? Mwanamke wa Mambrui, mjane? Wale wachukuzi? Na ubaya wenyewe ni huu: tulikuwa tumejifukuza wenyewe kwa adabu zetu. Yule kijana hakusema lolote. Macho yake tu yalitufanya tuwe watu wengine, na meneja akawa anataka kuwaajiri hao watu wengine, ambao hawakuwepo.

Niliwakusanya uani, kati ya kamba, mashuka yakituficha kama mapazia. Nikawaambia yote, sikupunguza. Kisha mwanamke wa Mambrui akasema:

"Nilisema mimi! Lile dafu lilikuwa la nini?"

"Dafu umelikata wewe," nikamwambia.

"Nimelikata kwa sababu wewe umenikodolea macho!"

"Basi, basi," akasema mzee. "Dawa ni moja. Kesho tujikokote. Kijana aone kazi ni nzito. Mpaka magharibi hatujamaliza."

Nikawaambia hapana. Si kwa uchaji, ni kwa akili tu: mtu aliyetuona jana tunaruka akituona leo tunatambaa, atajua tunamchezea, na hapo hata ukweli wetu hautaaminika. Hawakunisikia. Hofu haina masikio.

Siku iliyofuata ilikuwa kichekesho, ingawa siku ile hakuna aliyecheka. Wachukuzi walitembea na kikapu kama wamebeba maiti. Mzee aliinama juu ya mashine, akaitazama, akainuka, akashika kiuno, akaitazama tena. Mwanamke wa Mambrui aliipeleka pasi polepole, polepole, mpaka kitambaa cha meza kikatoa moshi na alama ya pasi ikabaki katikati, rangi ya kahawa.

"Ala!" akapiga ukelele. "Umeniunguzia!" Akaisema pasi, si nafsi yake.

Kijana akafunga karatasi zake. Akavua miwani, akaipangusa, mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka. Akaja kwangu akaniuliza kwa adabu kama tunaweza kuongea pembeni. Tukaenda kuketi kwenye ngazi ya stoo.

"Mama," akasema, "juzi na jana mlikuwa kama watu wa harusini. Leo mmekuwa watu wa mazikoni. Kazi yenyewe mnaifanya lini?"

Nikamtazama. Ningeweza kukana. Lakini mtu ambaye amekuona na akacheka badala ya kukasirika, huyo anazungumzika. Nikamwambia la meneja, la nusu kuondoka. Uso wake ukabadilika.

"Hilo sikuambiwa," akasema. "Mimi niliitwa nije niseme kwa nini vyumba vinakosa mashuka. Na nilimwomba meneja aniache niwaeleze mwenyewe, akaona anaokoa muda." Kisha akasema, "Mama, nyinyi si wa kwanza. Mtu yeyote akitazamwa hubadilika. Kiwandani, shambani, hospitali, kila mahali. Mwingine huharakisha, mwingine hupunguza, mwingine huvaa viatu ambavyo havai siku zote. Si uongo. Ni binadamu. Mimi mwenyewe mwalimu wangu akisimama nyuma yangu, mwandiko unanyooka. Hizi siku nilizoziona, hakuna nitakachozifanyia. Nazitupa."

"Zote?"

"Zote. Hata za adhuhuri."

Nikavuta pumzi. "Na meneja?"

"Meneja nitamwambia. Lakini nisaidieni nione kazi ya kweli, iwe nzito au nyepesi. Sitawaahidi itawafaa. Naahidi itakuwa ya kweli."

Nilimpenda kwa neno hilo. Angeniahidi mazuri, nisingemwamini.

Nikamuuliza, mimi mtu wa njia za mkato: "Si ujifiche basi? Kuna tundu pale ukutani, uchungulie."

"Nikichungulia nitakuwa askari," akasema. "Na siku mkijua, hakuna atakayeniamini, wala mtafiti mwingine baada yangu. Njia ni kukaa waziwazi mpaka mnichoke."

Asubuhi yake aliwakusanya wote, bila meneja. Akawaeleza anatafuta nini. Akasema anachokiandika ni kazi, si mtu: hakutakuwa na jina la mtu yeyote kwenye maneno atakayompa meneja, wala fulani alipumzika, wala fulani alichelewa. Asiyetaka kutazamwa amwambie, asimwandike. Mzee akainua mkono.

"Na nikiitukana mashine?"

"Itukane. Nayo sitaiandika jina."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa cha kwanza cha kweli tangu afike.

Alikwenda pia kwa meneja kumwomba asiingie naye chumbani na asisimame dirishani, maana watu wakiona mtafiti na mwajiri bega kwa bega, wanamwona mtu mmoja mwenye vichwa viwili. Meneja alinung'unika, kwamba hoteli ni yake na dirisha ni lake. Lakini akakubali kungoja mpaka mwisho wa msimu. Kuingia hakuacha kabisa. Siku moja moja alipita, na utasikia baadaye ilimgharimu nini.

Sasa kazi ikawa yangu. Kumwambia mtu "usimwone huyu" ni kumwambia amwone zaidi. Lakini ugeni nilijua unakaa wapi. Nikakiondoa kile kiti chenye mgongo. Mwanamke wa Mambrui akanijia juu:

"Utamkalisha wapi mtoto wa watu?"

"Kikapu kipo. Kigeuzeni."

"Lo! Makubwa haya. Msomi kwenye kikapu."

Dafu nikalipiga marufuku. Akitaka maji, kata ipo, pipa lipo. Tukila, anakula tunachokula, kwenye sinia hilo hilo, kwa mkono, na akichelewa anakuta ukoko. Nilifanya hivyo na nikaumia, maana nimelelewa, si mnyama. Lakini kama tungeendelea kumheshimu, tungeendelea kumficha mambo.

Naye alikuwa na zake. Tuligundua sisi, naye akagundua, kwamba kila kalamu yake ikigusa karatasi, mikono yetu inaenda mbio. Basi akaanza kuandika hata pasipo na cha kuandika. Akachora kunguru wa uani, akachora vikapu, akaandika barua kwao. Baada ya muda kalamu ile ikawa kama feni, inazunguka tu, hakuna anayeitazama. Na hakusifu. Jambo hilo lilimuudhi sana mwanamke wa Mambrui. Anamaliza shuka, anamwangalia. Kijana hatikisi kichwa wala hakunji uso.

"Huyu mamake hakumfundisha kusema ahsante?"

"Nikikusifu shuka," akamjibu, "kesho utanipigia pasi mimi, si mgeni wa chumbani."

Siku zikapita. Alikuja na kutoka, alikaa na kuhama kona. Watu wakaanza kurudi wenyewe, kidogo kidogo, kama kuku wanavyorudi uani baada ya gari kupita. Kwanza kelele. Kisha nyimbo. Redio ikawashwa. Mchukuzi mmoja akalala juu ya rundo la taulo saa ya jua kali na hakuna aliyemwamsha. Robota la mashuka ya mafuta likatoka nyuma ya tangi, likarudi sakafuni mahali pake, linuke litakavyo.

Kisha ikawa asubuhi moja, mfereji umekauka kama kawaida, watu wanangoja maji wamekasirika, na mwanamke wa Mambrui ameamua afagie ili asikae bure. Akafika penye kikapu. Kijana amekaa, miguu ameinyoosha, ameegemea ukuta.

"Wewe!" akamwambia, hata hakumtazama. "Ondoa miguu yako nifagie! Kukaa kaa tu humu kama paka!"

Chumba kizima kikaendelea na mambo yake. Hakuna aliyeshtuka. Kijana akaiondoa miguu, ufagio ukapita, vumbi likamrukia suruali. Akanitazama kwa mbali, na uso wake ukang'aa kama mtu aliyepata mtoto. Alipopita karibu yangu akaninong'oneza:

"Mama, leo naanza."

Yote ya nyuma alikuwa hajayahesabu! Alikuwa anangoja tu mtu amseme.

Na alivyoanza alinifundisha kitu ambacho nakitumia mpaka leo. Hakukaa tena kutwa. Alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga, ndani mna vipande vya karatasi, kila kimoja saa yake. Asubuhi anatikisa, anavuta vichache bila kutazama, na hizo ndizo saa za kuja siku hiyo. Akifika anatupa jicho mara moja, anaandika kila mtu papo hapo anafanya nini, anafua, anabeba, anangoja maji, anarudia kufua au anapumzika, kisha anaondoka. Nikamuuliza kwa nini asichague saa mwenyewe.

"Nikichagua," akasema, "nitakuja penye kivuli na chai. Na nyinyi mtanizoea saa yangu, mtanitengenezea."

"Sasa hatubadiliki tena?"

"Mnabadilika, mama. Haiishi kabisa. Inapungua tu. Ndiyo maana nina jicho jingine mahali ambapo hamlioni."

Nikadhani ni tundu la ukutani. Sivyo. Akakataa kunionyesha. "Ukijua," akasema, "utalipambia."

Msimu ukaelekea mwisho. Wageni wakapungua, kila mtu wa dobi akawa ananitazama usoni kusoma jina lake. Meneja akanikumbusha mara mbili: umechagua? Nikamwambia sijachagua. Mara ya pili nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa juu, kwamba akitaka kuchagua aanze na mimi.

Siku ya kuelezwa ikafika. Meneja alitaka ofisini. Kijana akasema la, twende ghorofani, na mama naye aje. Nikapanda ngazi za wageni kwa mara ya kwanza na viatu vyangu vya kufulia.

Kijana akamweleza meneja njiani. Akamwambia kazi ya dobi haiishi adhuhuri, inaisha jua limeinama. Kwamba kila alipotupa jicho, kundi kubwa alilolikuta lilikuwa la watu wanaongoja maji, kwa sababu pampu ilikuwa moja na asubuhi ilijaza bwawa la kuogelea kwanza. Na kundi la pili ni la wanaorudia mashuka ya mafuta. Watu si wengi mno. Maji ndiyo machache.

"Haiwezekani," akasema meneja. "Nimewaona kwa macho yangu wanamaliza adhuhuri. Na nilipokuwa nikipita baadaye, nikawakuta wanafanya kazi kama moto. Nimeona mimi."

"Uliwaona kwa sababu walikuona," akasema kijana, na akafungua mlango wa kabati la mashuka safi la ghorofa ile, ambalo watandikaji wa vyumba huchukulia kila asubuhi.

Ndani ya mlango kulikuwa na mistari ya chaki. Kumbe tangu siku ya kwanza aliyofika, aliwaomba watandikaji, kila asubuhi kabla hawajagusa kitu, wapige mstari kuonyesha rundo la mashuka limefika wapi, mmoja pembeni ya mwenzake. Sisi chini hatukujua. Tulipambana na macho yake, hatukupambana na kabati. Hilo ndilo jicho lake lingine.

"Hii hapa ni asubuhi baada ya ile siku ya adhuhuri," akasema, akaweka kidole juu. Mstari ulikuwa juu kweli. "Na hii ni asubuhi inayofuata."

Mstari ulianguka mpaka karibu na ubao wa chini. Akapeleka kidole mbele: mistari inakwenda sawa, sawa, sawa, halafu mmoja unaruka juu, unaofuata unaanguka shimoni. "Jana yake ulipita dobi," akamwambia. Tena sawa, sawa, kuruka, shimo. "Na hapa pia ulipita." Akamtazama meneja kwa upole. "Kila ulipowatazama walifua mepesi, yenye mafuta wakayaacha; walikupa mashuka ya kesho. Vyumba vikakosa siku ya pili. Lile swali uliloniitia, jibu lake moja ni pampu, na jingine ni wewe kupita."

Meneja akazigusa zile chaki. Kisha akanigeukia, shingo imewiva.

"Kwa hiyo mlinidanganya."

"Hatukukudanganya," nikamwambia. "Tulikukaribisha."

Na kabla hajajibu nikamwambia, "Twende chini." Nikatangulia. Tulipoingia dobi, watu wakaanza kukimbia, mikono kama moto, ile ile tabia. Nikapaza sauti: "Acheni! Hakuna mgeni hapa." Nikalishika lile robota la mashuka ya mafuta, nikaliburura mpaka miguuni pa meneja, nikalifungua. Harufu ikapanda. Nikamwita mzee aondoe tambara. Akasita, akasema, "Mayo, mbele yake?" Nikasema, mbele yake. Akalichomoa, na mashine ikamwaga maji yake sakafuni, yakafika kwenye viatu vya meneja, na sikumwomba radhi. Nikamfungulia mfereji. Tone moja. La pili likafikiria kwanza.

"Hivi ndivyo tulivyo," nikasema. "Na kwa hivi tulivyo, hata mashuka yakichelewa, hoteli yako haijawahi kulaza mgeni usiku juu ya godoro tupu. Sasa niambie nimtoe nani."

Meneja alivitazama viatu vyake. Alikuwa mtu wa haraka, nimesema, lakini hakuwa mjinga, na hilo nampa.

"Hakuna," akasema. "Hatoki mtu."

Mwanamke wa Mambrui akapiga kigelegele kilichofika ufukweni. Wengine wakadaka. Mzee akaipiga mashine kofi la mapenzi. Na meneja amesimama katikati yetu anatazama, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyejali kama anatazama au hatazami. Tuliimba, tulicheza na vikapu kichwani, kazi ikasimama saa nzima mbele ya macho yake.

Alipokuwa anatoka akamuuliza kijana, kwa sauti ya chini, "Basi nikitaka kujua kazi inakwendaje, nifanyeje?"

"Tazama kabati," akasema.

Bomba letu wenyewe lilikuja kabla ya msimu uliofuata, na mashine ikapata fundi. Kijana akarudi chuoni kwake. Siku ya kuondoka tulimkatia dafu, tukamkalisha kwenye kiti chenye mgongo, maana sasa alikuwa mgeni tena.

Nami, baada ya miaka, nikafungua dobi langu. Sisimami nyuma ya mtu. Nikiingia natazama rafu ya nguo zilizo tayari, nasalimu, napita. Wenye biashara wenzangu hunicheka, wanasema watu wangu watanilalia. Wacha waseme, nguo zangu hazichelewi. Mwanamke wa Mambrui alinifuata, ndiye msimamizi wangu. Jana tu nilikuwa nimekaa kwenye kikapu nikipumzisha magoti, binti mmoja mgeni wa kazi akaniona, akashtuka, akakaza mikono kwenye pasi. Yule mwanamke akaja na ufagio, akasimama mbele yangu, akaniambia kwa sauti ili yule binti asikie:

"Bibi wee, ondoa miguu yako nifagie."

Nikaiondoa.